Pumzi Katikati ya Aya ya Saba

Msomaji wa Qur'ani akifika aya ya 7 ya sura ya Al Imran lazima aamue pa kuvuta pumzi. Katika misahafu ya chapa ya Madina, katikati ya aya hiyo, mara baada ya jina la Mwenyezi Mungu, pana alama ndogo juu ya mstari inayomwambia kwamba kusimama hapo ni bora, ingawa kuendelea kunaruhusiwa. Katika misahafu mingi iliyochapwa India na Pakistani, mahali hapohapo pana mimu ndogo, nayo ni kali zaidi: simama, usiunganishe. Lakini wapo wanavyuoni wakubwa waliosema tangu karne ya kwanza ya Hijra kwamba yafaa upite moja kwa moja. Si suala la sauti nzuri wala la urefu wa pumzi. Ukisimama, umesema jambo moja kuhusu elimu ya binadamu. Ukipita, umesema jingine.

Aya yenyewe inaeleza kwamba katika Kitabu alichoteremshiwa Mtume Muhammad (S.A.W.) mna aya zilizo wazi na madhubuti, ziitwazo muhkamati, nazo ndizo mama wa Kitabu. Mna pia nyingine, mutashabihati, ambazo maana zake zinashabihiana kiasi kwamba tamko moja laweza kuchukuliwa huku na kule. Watu ambao nyoyo zao zimepinda huzifuata hizi za pili, kwa kutaka fitna na kwa kutaka kuzigeuza zikubaliane na matakwa yao. Hapo ndipo linapokuja jina la Mwenyezi Mungu, kwamba Yeye ndiye ajuaye hakika ya maana yake, na baada ya jina hilo wanatajwa waliobobea katika elimu, ambao husema kuwa wameamini, na kwamba zote zimetoka kwa Mola wao.

Wafasiri wengi wanapokea kwamba sehemu ya mwanzo ya sura hii iliteremka kuhusiana na ujumbe wa Wakristo wa Najran, mji ulio kusini mwa Bara Arabu, waliokwenda Madina kujadiliana na Mtume juu ya Nabii Isa. Walishika kwamba Qur'ani yenyewe humwita Isa neno la Mwenyezi Mungu na roho itokayo Kwake, wakaona hiyo ni hoja yao. Ibn Kathir, mfasiri wa Damaski aliyefariki mwaka 1373, anautumia mfano huohuo anapoeleza aya ya saba: mtu anashika tamko linaloweza kubeba maana mbili, anaziacha aya zinazosema bila kificho kwamba Isa ni mja aliyeneemeshwa na kwamba mfano wake mbele ya Mungu ni kama wa Adam. Kwa mfasiri Mwislamu, kosa la hoja ile ni kwamba imeanzia pasipo pa kuanzia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua pa kuanzia, na hapo msomaji wa kawaida hudhani ipo orodha. Haipo. Hakuna msahafu uliopakwa rangi moja kwenye muhkamati na nyingine kwenye mutashabihati. Ibn Abbas, binamu yake Mtume, aliyefariki mwaka 687, alipotaka kuonyesha muhkamati alizitaja aya tatu za sura ya Al An'am, kuanzia ya 151: usimshirikishe Mungu, watendee wema wazazi, usiwaue watoto kwa kuogopa umaskini, usiile mali ya yatima, timiza kipimo na mizani. Ukizisoma huna unachohitaji kuuliza ila namna ya kuzitekeleza. Upande wa pili wengi walizitaja herufi zinazofungua sura 29, kama alifu lamu mimu inayoifungua Al Imran yenyewe, na habari za Kiyama, na sifa za Mwenyezi Mungu zinazotajwa kwa maneno yanayotumika pia kwa viumbe. Kati ya ncha hizo mbili zipo aya nyingi ambazo mwanachuoni mmoja huziweka huku na mwingine kule.

Tena Qur'ani inayatumia maneno haya kwa njia nyingine. Mwanzo wa sura ya Hud inasema aya zake zote zimefanywa madhubuti, na katika sura ya Az Zumar Kitabu kizima kinasifiwa kuwa chenye kushabihiana. Wanavyuoni hawakuona mgongano hapo. Kitabu chote ni madhubuti kwa maana ya kwamba hakina kasoro. Chote kinashabihiana kwa maana ya kwamba sehemu zake zinafanana kwa ukweli na kusadikishana. Mgawanyo wa Al Imran ni wa aina ya tatu, unahusu uwazi wa maana kwa anayesoma. Ndiyo maana aya moja yaweza kuwa na giza kwa mwanafunzi na ikawa kweupe kwa sheikh wake.

Tuichukue aya moja tuone inavyoshughulikiwa. Sura ya At Tawba, aya ya 67, inawaeleza wanafiki wa Madina: wanaamrisha maovu, wanakataza mema, wanafumba mikono yao wasitoe. Kisha inasema walimsahau Mwenyezi Mungu, Naye akawasahau. Msomaji akisimama hapo ana haki ya kushtuka. Je, Mungu husahau?

Mfasiri hatafuti jibu kichwani mwake. Anazunguka kwanza ndani ya Kitabu akitafuta aya inayolizungumzia jambo hilihili kwa tamko lisilo na njia mbili. Anaikuta katika sura ya Maryam, aya ya 64, inayokanusha moja kwa moja kwamba Mola ni mwenye kusahau. Anaikuta tena katika sura ya Taha, aya ya 52, pale Firauni anapomwuliza Musa habari za vizazi vilivyopita, na Musa anamjibu kwamba habari zao ziko kwa Mola wake katika kitabu, Mola ambaye hapotei wala hasahau. Hizi ndizo muhkamati katika suala hili. Zinakanusha kabisa, na hazibebi maana ya pili. Ile ya At Tawba itarudishwa kwazo, kama mtoto anavyorudishwa kwa mama yake.

Hata hivyo kuirudisha si kuifuta. Lazima tamko la At Tawba lipate maana yake halali, na hapo mfasiri anakwenda kwa lugha ya Waarabu. Anakuta kwamba kitenzi kile hubeba maana mbili: kutoweka kwa jambo akilini, na kuliacha kwa makusudi. Hata sisi husema fulani amewasahau wazee wake, hali tunajua kwamba majina yao anayakumbuka vizuri. Ila hapeleki senti wala salamu. Mfasiri anataka pia ushahidi wa matumizi hayo ndani ya Qur'ani, na anaupata katika Taha, aya ya 126, ambapo aliyezipuuza aya za Mungu anaambiwa kwamba kama alivyozisahau, ndivyo atakavyosahauliwa siku hiyo. Malipo yanaitwa kwa jina la kosa. Mwisho anatazama waliotangulia walifahamu nini. Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923 na ambaye tafsiri yake imekusanya riwaya za vizazi vya mwanzo, anaeleza kwamba wanafiki waliacha kumtii Mwenyezi Mungu, Naye akawaacha bila taufiki Yake na rehema Yake. Suala limekwisha. Aya iliyokuwa na giza ina maana iliyo wazi, na ni nzito kuliko ile ya kwanza iliyomshtua msomaji.

Angalia kwamba hatua zote zilihitajika. Aliyeishia kwenye lugha tu angekuwa na maana mbili mezani bila sababu ya kuchagua. Aliyeishia kwenye aya ya Maryam tu angejua nini si maana ya At Tawba, asijue maana yake ni nini. Nami naona hapa ndipo mihadhara mingi inapokosea, kwa kuwa msemaji anatamka kwamba aya fulani ni mutashabihi kisha anaondoka, kana kwamba kuipa jina ni kuifasiri.

Lakini je, kila mutashabihi yaweza kumalizwa hivi? Hapa tunarudi kwenye ile alama ya kusimama.

Wanaosimama kwenye jina la Mwenyezi Mungu wanasoma kwamba hakika ya aya hizo aijua Yeye peke yake, kisha sentensi mpya inaanza: na waliobobea katika elimu husema, tumeamini. Ubobezi wao unaonekana katika kukiri mpaka. Huu ndio msimamo ulionukuliwa kwa Maswahaba na wanafunzi wao walio wengi. Imepokewa kwamba Ibn Abbas aliisoma aya kwa namna inayoitenganisha waziwazi sentensi ya pili. Wanaopita wanaunganisha: aijua Mwenyezi Mungu na waliobobea katika elimu, nao wakiijua hali wanasema, tumeamini. Hoja yao ni kwamba kusema tumeamini ni jambo la kila Mwislamu, hata asiyejua kusoma. Ikiwa waliobobea hawana la zaidi, kwa nini watajwe kwa ubobezi? Na Mtume alimwombea Ibn Abbas afundishwe taawili. Mujahid, mwanafunzi wake mkubwa, amempokea Ibn Abbas huyohuyo akisema kwamba yeye ni miongoni mwa wanaojua.

Mtu mmoja amepokewa katika pande zote mbili. Msomaji anaweza kudhani kwamba moja ya riwaya ni mbovu, lakini wanavyuoni walipata njia nyingine, na aliyeieleza kwa ufasaha ni Ibn Taymiyya wa Damaski, aliyefariki mwaka 1328. Neno taawili katika Qur'ani na kwa watu wa mwanzo lina maana mbili. Moja ni tafsiri, yaani kueleza maana ya maneno. Ya pili ni ule uhalisia wenyewe ambao maneno yanauelekea: Nabii Yusuf, wazazi wake na ndugu zake walipomsujudia Misri, alisema hiyo ndiyo taawili ya ndoto yake ya zamani. Hakukusudia maelezo, alikusudia tukio lenyewe lililotimia. Basi kwa maana ya tafsiri, waliobobea wanajua, na msomaji apite. Kwa maana ya uhalisia wenyewe, kama vile Kiyama kitakuwa lini au sifa za Mungu zikoje katika dhati yake, ajuaye ni Yeye peke yake, na msomaji asimame. Ibn Abbas alizungumza mara mbili juu ya mambo mawili.

Kwa hiyo aya ileile yaweza kuwa na sehemu inayojulikana na sehemu iliyofungwa. Mfano mashuhuri ni kutajwa kwa Mwenyezi Mungu kuwa juu ya Arshi, jambo lililokuja katika aya saba za Qur'ani, mojawapo ikiwa ya 5 ya sura ya Taha. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Imamu Malik, mwanachuoni wa Madina aliyefariki mwaka 795, akamwuliza ni vipi alivyokuwa juu ya Arshi. Malik aliinamisha kichwa mpaka jasho likamtoka. Kisha akatenganisha mambo: neno lenyewe maana yake si ngeni, namna yake akili haiifikii, kuliamini ni wajibu, na kuuliza juu ya namna yake ni uzushi. Akaamuru mwulizaji atolewe. Ukali ule unaeleweka ukikumbuka kwamba mtu yule hakuuliza maana. Aliuliza vipi, akagusa palepale pa kusimama.

Baada ya Malik wanavyuoni hawakuafikiana. Wote walianzia kwenye muhkamu mmoja, aya ya 11 ya sura ya Ash Shura, inayosema hakuna chochote mfano wake Mungu, kwa hiyo wote walikataa kumfikiria ameketi kama mfalme juu ya kiti. Walitofautiana juu ya kinachofuata. Wengine walilithibitisha neno kama lilivyo bila kulifananisha. Wengine waliiachia maana yake kwa Mungu. Na wengine, hasa wanatheolojia wa baadaye, walilifasiri kuwa ni kutawala, wakaleta ushahidi wa shairi la Kiarabu. Fasiri hii ya mwisho ilipingwa kwa kipimo cha lugha. Mtaalamu wa lugha Ibn al A'rabi, aliyefariki mwaka 846, alipoambiwa maana ni kutwaa utawala, alijibu kwamba Waarabu hawalitumii neno hilo ila pale penye mshindani aliyeshindwa, na Mwenyezi Mungu hana mshindani. Hata mwenye nia njema ya kumtakasa Mungu anadaiwa ushahidi wa lugha.

Ugumu mkubwa zaidi uko mahali pengine, na Fakhruddin Razi, mfasiri aliyefariki mwaka 1210, aliusema bila kuzunguka: kila dhehebu hudai kwamba aya zinazokubaliana nalo ndizo muhkamati, na zile zinazowafaa wapinzani ndizo mutashabihati. Mfano wa jambo hili waishi nao Waislamu wa Zanzibar na Oman, ambako Masuni na Maibadhi wamesali na kuoana kwa vizazi vingi huku wakitofautiana kama waumini watamwona Mola wao Akhera.

Aya ya 103 ya Al An'am inasema macho hayamdiriki. Aya za 22 na 23 za sura ya Al Qiyama zinazitaja nyuso zitakazong'ara siku hiyo, zikielekea kwa Mola wao. Kwa Zamakhshari, mfasiri wa Kimuutazila aliyefariki mwaka 1144, ile ya kwanza ni muhkamu na ya pili irudishwe kwayo. Na aliutoa mfano huu palepale anapofasiri aya ya saba ya Al Imran. Maibadhi wana rai hiyohiyo ya kwamba Mungu haonekani. Sheikh Ahmed bin Hamed Al Khalili, Mufti wa Oman aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942, ameitetea kwa kirefu katika kitabu chake Al Haqq al Damigh. Wanaokataa kuonekana kwa Mungu wanasema neno la Al Qiyama laweza kuwa na maana ya kungojea, na wanaonyesha sura ya An Naml, ambako malkia wa Saba anatuma zawadi kwa Suleiman kisha anangoja wajumbe watarudi na nini, kwa neno la mzizi huohuo.

Masuni wanageuza mpangilio. Wanasema kudiriki si kuona tu. Ni kukifikia kitu na kukizunguka. Ushahidi wao uko katika sura ya Ash Shu'ara: jeshi la Firauni na watu wa Musa walipoonana, watu wa Musa walilia kwamba wanadirikiwa, na Musa akasema hapana. Kuonana kumethibiti, kudirikiwa kumekanushwa, katika aya mbili zinazofuatana. Basi kinachokanushwa katika Al An'am ni macho kumzunguka Mungu. Na neno la Al Qiyama, wanasema, likija na nyuso na likiwa limefuatwa na kielekezi cha "kwa", ni la kutazama. Wanaongeza hadithi ya Jarir katika Bukhari na Muslim, kwamba waumini watamwona Mola wao kama wanavyouona mwezi.

Mimi ni Sunni, na hoja ya Ash Shu'ara naiona nzito. Lakini ninachotaka msomaji akione ni kwamba pande zote mbili zimeanza na muhkamu, zimetafuta lugha, zimeleta ushahidi wa ndani ya Qur'ani. Kosa linaloelezwa katika aya ya saba halipimwi kwa kutofautiana tu. Aya inataja alama mbili zilizo wazi: kutafuta fitna, na kuitafuta maana ambayo moyo uliishaiamua kabla ya kusoma. Mama Aisha amepokea kwamba Mtume aliisoma aya hii kisha akaonya: mkiwaona wanaofuata mutashabihati, hao ndio aliowataja Mwenyezi Mungu, jihadharini nao. Hakusema wanaozisoma, wala wanaouliza ili wafahamu. Ibn Abbas aliletewa maswali ya aya zinazoonekana kugongana, akayajibu moja baada ya moja bila kumkemea mwulizaji.

Mtu aliyekemewa ni Sabigh. Imepokewa kwamba alifika Madina akiwauliza watu juu ya mutashabihati, na Khalifa Umar akamwandalia makuti ya mtende na kumchapa mpaka akasema yaliyokuwa kichwani mwake yamekwisha. Tofauti yake na wale wa Ibn Abbas ilikuwa katika mwenendo: alikuwa akizipeleka aya hizo kwa watu waliokuja kwa mengine, akawachokoza kwazo, bila ya kuzirudisha kwenye msingi wowote. Leo mwenye darsa anaweza kumtambua mtu wa aina hiyo kwa kumwuliza swali moja: hii unairudisha kwenye aya ipi? Aliyesoma atataja aya. Mwenye lake atahamia kwenye mutashabihi nyingine.

Na kipimo hicho waliobobea walijiwekea wenyewe kwanza. Maneno yao hayaishii pale aya ya saba inapoishia. Aya ya nane ni dua, na wafasiri wanaisoma kuwa ni mwendelezo wa kauli yao: wanamwomba Mola wao asizipinde nyoyo zao baada ya kuwaongoza. Neno la kupinda ni lilelile lililotumika kwa wale wenye fitna.